Kufuta chaneli ya YouTube hakubakizi video za Private

"Nikiziweka video za familia Private kwanza, kisha nikafuta chaneli, zitabaki kwangu."

Hazitabaki. Private inawazuia watazamaji tu; video yenyewe bado imo ndani ya chaneli, na chaneli ikifutwa inaondoka nayo.

Chukua mpiga picha wa Sinza mwenye video 40, anayetaka kubaki na 6 za harusi ya dada yake. Asiguse chaneli. Hizo 6 azibadilishe ziwe Private, zile 34 azifute mojamoja. Kabla ya kufuta, apakue nakala na kuicheza mpaka mwisho, maana video iliyofutwa hairudi: ukiipandisha tena inapata linki mpya na watazamaji wanaanza sifuri. Hapo ndipo wengi huumia, nami nawahurumia sana.

Unlisted ni kitu kingine: mwenye linki anaona, hata ikisambazwa kwenye grupu la kamati ya harusi.

Kuhakikisha, nakili linki ya video, uifungue kwenye simu ya jirani ambayo haina akaunti yako. Ikicheza, bado si Private.