Mistari myeupe kwenye meno ya mtoto: maswali ya mama mmoja wa Arusha

Daktari, mwanangu ana mwaka mmoja na miezi minane. Meno ya juu ya mbele yana mstari mweupe karibu na ufizi. Ni maziwa au yanaoza? Bibi yake anasema tusihangaike, yatang'oka tu.

Futa meno kwa kitambaa safi kilicholowa, yaache yakauke kidogo, kisha inua mdomo wa juu uangalie penye mwanga. Weupe ukitoka, ulikuwa ukoga au mabaki ya chakula. Ukibaki, tena umefifia kama chaki, jino limeanza kupoteza madini. Huo ni mwanzo wa kuoza, na ni hatua ambayo jino bado linaweza kurudi kuwa gumu bila kuzibwa. Ukishaona rangi ya kahawia, au ncha zinamomonyoka, kazi hiyo ni ya kliniki.

Angalia na meno ya chini ya mbele. Mara nyingi utayakuta mazima, maana ulimi huyafunika mtoto anaponyonya chupa, na mate huyaosha. Ndiyo maana daktari akikuta ya juu yameharibika na ya chini ni mazima, kitu cha kwanza kuuliza ni chupa.

Bibi hajakosea kwamba yatang'oka, ila si leo. Ya mbele hukaa hadi miaka 6 au 7, na magego ya utotoni hadi 10 au hata 12. Jino la utotoni likitunga usaha, linaweza kuharibu la ukubwani linaloota chini yake.

Lakini soda hajawahi kuonja. Juisi natengeneza mwenyewe, embe na pasheni, sukari kidogo tu.

Je, anainywaje? Kama inawekwa kwenye chupa ya chuchu asubuhi naye anatembea nayo hadi mchana, hapo ndipo penye shida. Kila anapofyonza, bakteria walio kwenye ukoga hugeuza sukari kuwa asidi, na mate huhitaji kama nusu saa au zaidi kuituliza. Akifyonza tena kabla muda huo haujaisha, meno hayapati nafasi ya kupumzika. Kwa hiyo idadi ya mara anazokunywa ina uzito sawa na kiasi cha sukari, na pengine zaidi. Juisi ya nyumbani ina sukari ya tunda lenyewe hata kabla hujaongeza yako, na pasheni ina asidi yake.

Usiku ni hatari zaidi, kwa kuwa mtoto akilala mate hupungua. Chupa ya maziwa yenye sukari, au uji mtamu anaolala nao mdomoni, hubaki kwenye meno hadi alfajiri. Anza hapo: kitandani yaingie maji matupu. Juisi, ikibidi, apewe kwa kikombe pamoja na chakula, aimalize, kikombe kiondoke. Na soda msimwanzishie: nyingi zina takriban gramu 10 za sukari kwa mililita 100, hivyo chupa ya mililita 300 ni kama vijiko saba vya chai.

Dawa ya meno ya kwetu si kali kwake? Na huku tunaambiwa floridi ndiyo inayotia meno rangi.

Ni kweli maji ya maeneo mengi ya Arusha na Meru yana floridi nyingi, na mtoto akiimeza kwa miaka, meno ya ukubwani huota na madoa. Suluhisho ni kupunguza kiasi cha dawa. Chagua iliyoandikwa floridi angalau 1000 ppm, upake kwenye mswaki kiasi cha punje ya mchele. Akifika miaka 3, kiasi cha punje ya njegere. Weka wewe mwenyewe, na tyubu ikae asipofikia. Mwambie daktari mnakunywa maji ya wapi.

Mswaki asubuhi na usiku, wa usiku ukiwa kitu cha mwisho kabla ya kulala. Mpakate akiegemea kifua chako, inua mdomo kwa kidole, piga mswaki taratibu pale jino linapokutana na ufizi, maana mistari uliyoiona ndipo ilipo. Ateme povu bila kusukutua. Asiyeweza kutema, mfutie. Umsaidie hadi miaka 7 au 8. Anayejipigia mwenyewe kabla ya hapo huishia kutafuna mswaki.

Nimpeleke kliniki ya meno lini? Si atalia tu?

Inashauriwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, kwa hiyo mpeleke sasa, wiki hii au ijayo. Atalia, na hakuna ubaya: mdomo ukiwa wazi daktari anaona vizuri. Wewe na daktari mnakaa mkitazamana, magoti yakigusana, mtoto amekukabili wewe, kisha analazwa kichwa kikiwa mapajani mwa daktari. Huchukua dakika chache. Kwa mistari kama yake huenda akapakwa vanishi ya floridi, na mtaambiwa mrudi baada ya miezi kadhaa.

Akivimba shavu, akipata homa, au kipele cha usaha kikitokea kwenye ufizi, mpeleke siku hiyohiyo.