Wito wa kuchukua hatua: mwambie msomaji kitu kimoja tu

Wito wa kuchukua hatua ni ile sentensi kwa tangazo inayomwambia mtu afanye nini saa hii akishamaliza kusoma. "Karibuni nyote" si wito, hapo hakuna cha kufanya.

Chukua tangazo la jahazi la kutoka Shela, huku Lamu, kwenda magofu ya Takwa kisiwani Manda, matangazo yale tunayoyaona kila msimu wa wageni ukifika. Picha nzuri, halafu chini: tupigie, tutumie meseji, fuata peji yetu, shea, pita ofisini, buku sasa. Msomaji yuko Nairobi anapanga likizo ya Disemba, ni usiku, ofisini hawezi kupita, kupiga simu saa hizo anaona haya, kubuku hajajua hata ataondoka saa ngapi, basi analaiki picha anapita zake na nahodha hajapata kitu.

Sasa utachaguaje moja? Mimi huuliza, ni kitu gani lazima nahodha akijue kwanza ndo biashara isonge? Takwa unaingia kwa mkono wa bahari ulio katikati ya mikoko na chombo kinapita maji yakijaa, yakishatoka ndo basi, na kujaa kwenyewe kunachelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hivo bila tarehe hakuna anayeweza kukwambia saa ya kuondoka. Ndo maana "lipa sasa" hapo inakuja mapema mno. Kinachotakiwa ni tarehe na idadi ya watu, basi andika hivo hivo:

"Tutumie Watsap tarehe unayotaka na mko wangapi, tutakujibu saa ya kuondoka na bei ya jahazi zima."

Ona inasema pia atapata nini akituma, hiyo sehemu wengi wanaisahau. Halafu mpunguzie kazi, weka linki inayofungua meseji ikiwa ishaandikwa, yeye ajaze tu:

```
https://wa.me/2547XXXXXXXX?text=Takwa%20tarehe:%20watu:
```

Namba inaanza na 254 bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mbele, ukiandika 07 linki haitafika kwako.

Moja haimaanishi uiseme mara moja. Tangazo likiwa refu irudie juu na chini, maneno yale yale. Na kufuata peji si dhambi, ila iwekee posti yake siku nyengine.

Utajua imeshika ukiangalia meseji zenyewe. Zikija "bei?" na "mko wapi?" tupu, basi watu hawajaona cha kufanya au tangazo limeacha swali kubwa bila jibu. Zikija "tarehe 27, watu 6" imeshika, na hapo sasa ndani ya mazungumzo ndo unaomba diposti, ikiwa ndo hatua inayofuata, peke yake pia.