Posho ya kujikimu si siku za mafunzo mara idadi ya washiriki

Kila robo ya mwaka bajeti za mafunzo zinapoanza kuingia, mstari wa posho unakuja vilevile: washiriki 24, siku 3, shilingi 120,000, jumla 8,640,000. Mstari unaofuata ni wa hoteli, na chini yake kuna ukumbi na chakula. Ukiuliza, unajibiwa kwamba posho ni haki ya mshiriki na kiwango cha shirika ni 120,000. Kiwango ndicho hicho kweli. Kosa ni kudhani kwamba kinalipwa chote hata kama shirika limeshalipia kitanda, chai ya asubuhi na chakula cha mchana. Huko ni kulipa kitu kimoja mara mbili, na mkaguzi akifika fedha hiyo huitwa matumizi yasiyokubalika na shirika hutakiwa kuirudisha kwa mfadhili.

Posho ya kujikimu ni furushi la vitu. Katika mfano huu nachukua shirika ambalo sera yake ya fedha inaigawa hivi: malazi 60,000, kifungua kinywa 12,000, chakula cha mchana 18,000, cha jioni 18,000, matumizi madogo 12,000. Migawanyo hutofautiana kati ya shirika na shirika, kwa hiyo usinakili huu. Fungua sera yenu utafute asilimia zenu. Kinacholipwa na shirika moja kwa moja kinatolewa kwenye furushi, na mshiriki anapewa kilichobaki.

Tuchukue mafunzo ya Morogoro, Jumanne hadi Alhamisi. Washiriki 10 wanatoka Dar es Salaam na Dodoma, 6 wanatoka Mbeya, 8 ni wakazi wa Morogoro mjini. Kabla ya kuandika bei yoyote, hesabu usiku. Wa Dar na Dodoma wanafika Jumatatu jioni na kuondoka Alhamisi alasiri, kwa hiyo ni usiku 3. Wa Mbeya hawawezi kuanza safari ya zaidi ya kilomita 600 saa kumi alasiri. Wanalala Alhamisi pia, usiku 4. Jumla ni usiku 54. Aliyezidisha watu 16 kwa siku 3 amepata 48, na Alhamisi usiku atakuwa na watu sita wasio na vyumba. Ndiyo maana bajeti hizi huwa zimezidi na kupungua kwa wakati mmoja.

Profoma ya hoteli inasema 55,000 kwa chumba pamoja na kifungua kinywa. Ukomo wa sera ni 60,000, kwa hiyo mwandaaji anaona yuko salama. Lakini chini kabisa, kwa herufi ndogo, imeandikwa kwamba kodi ya ongezeko la thamani haimo. Ongeza asilimia 18, chumba ni 64,900 na ukomo umevukwa. Rudi mezani na hoteli. Kwa vyumba vingi hivyo bei hushuka. Wakikubali 50,000 kabla ya kodi, unaandika 59,000, na usiku 54 unagharimu 3,186,000.

Sasa posho yenyewe. Jumatatu mshiriki yuko barabarani, kwa hiyo anapata mchana, jioni na matumizi madogo: 48,000. Jumanne na Jumatano kifungua kinywa kipo hotelini na mchana upo ukumbini, anapata jioni na matumizi madogo: 30,000 kila siku. Alhamisi ni 30,000 vilevile. Wa Dar na Dodoma jumla yao ni 138,000 kila mmoja. Wa Mbeya wanaongezewa Ijumaa ya safari, 48,000, wanafika 186,000. Kwa watu 16 ni 2,496,000. Wakazi wa Morogoro hawana posho ya kujikimu kwa sababu wanalala kwao. Wanapewa nauli ya mjini, tuseme 10,000 kwa siku, yaani 240,000 kwa wote.

Malazi, posho na nauli hiyo ya mjini ni 5,922,000. Bajeti ya kwanza, yenye posho kamili kwa kila mtu na vyumba 48 kwa bei hiyohiyo, ilikuwa 11,472,000. Tofauti ya 5,550,000 ingeenda kwa watu waliokwisha kulishwa na kulazwa, na kwa wanane ambao hawakutoka hata nje ya mji wao.

Siku ya kwenda na ya kurudi ina kanuni nyingi. Safari za serikali ya Marekani, kwa mfano, hulipwa asilimia 75 ya fedha ya chakula na matumizi madogo katika siku hizo mbili. Chagua kanuni moja, ile inayotajwa kwenye mkataba au sera, uifuate mwanzo hadi mwisho. Kuchanganya mbili ili kila mshiriki apate kilicho kikubwa zaidi hakuna utetezi.

Hata hivyo nakiri kwamba mfumo wa kukata una kasoro. Mafunzo yakiangukia Ramadhani, unamkata mfungaji chakula cha mchana ambacho hakukila. Naona ni haki kukubaliana na hoteli mapema idadi ya futari badala ya mchana, kisha umkate jioni na umwachie mchana, lakini sera nyingi hazisemi lolote, na mhasibu mwenye msimamo mkali atakukatalia. Andika uamuzi huo kwenye maelezo ya bajeti kabla ya mafunzo.

Ukumbi na chakula sina mengi. Hesabu vichwa vyote vinavyokula: washiriki 24, wawezeshaji 2, mratibu na dereva, yaani 28.

Ada ya mwezeshaji ndiyo inayofuata kwa kuniudhi. Anayeajiriwa na shirika lenu halipwi ada. Mshahara wake upo. Wa nje analipwa kwa siku za kazi: maandalizi 2, kufundisha 3, ripoti 1. Kwa ukomo wa 250,000 ni 1,500,000. Kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mkazi wa Tanzania inakatwa humo ndani: 75,000 inakwenda TRA, yeye anapokea 1,425,000. Akidai 1,500,000 iingie mkononi, ada inapanda hadi 1,578,947, yaani takriban 263,158 kwa siku, na ukomo umevukwa bila mtu kuubadilisha. Mweleze hilo kwenye barua ya mwaliko.

Vifaa vihesabiwe kwa matumizi. Kitini cha kurasa 40 kwa watu 26 ni kurasa 1,040 za kudurufu, na flipchati na maka peni hufuata idadi ya vikundi, si ya watu. Mstari ulioandikwa "vifaa, jumla, 1,000,000" naurudisha.

Ulinganisho na viwango usiufanye kwa macho. Weka viwango kwenye karatasi ya pili ya Excel iitwayo Viwango, jina la gharama likiwa safu ya A na ukomo safu ya B. Kwenye bajeti, B iwe jina na F iwe bei pamoja na kodi:

```
=IF(F5>VLOOKUP(B5,Viwango!A:B,2,FALSE),"IMEZIDI","SAWA")
```

Ikitoka `#N/A`, jina halifanani na lililo kwenye viwango, au gharama hiyo haina kiwango kabisa na inahitaji kibali cha maandishi. Usiifute. Na kumbuka fomula hii inakagua bei tu. Idadi ya usiku haiijui. Hiyo ilinganishe na orodha ya vyumba ya hoteli na tiketi za basi, jina kwa jina, kabla ya kumpa mtu yeyote karatasi ya kusaini malipo.