Spredi ya kalenda haitegemei muda peke yake

"Nikiweka spredi ya kalenda, yaani kuuza opsheni inayoisha karibu na kununua inayoisha mbali, bei ya hisa ikitulia si lazima nipate faida? Ya karibu inayeyuka haraka zaidi."

Si lazima. Chukua hisa ya dola 100, mtikisiko unaotarajiwa na soko ukiwa asilimia 30 kwa mwaka. Tuache riba na gawio kando. Unauza opsheni ya kununua ya siku 30 kwa dola 3.43, unanunua ya siku 90 kwa dola 5.94, zote kwa bei ya utekelezaji ya dola 100. Umetoa mfukoni dola 2.51.

Siku 30 zinapita, hisa bado ni 100. Uliyouza inakufa bila thamani. Uliyobaki nayo ina siku 60, na mtikisiko ukiwa uleule ina thamani ya dola 4.85. Hapo umevuna vizuri.

Lakini mtikisiko ukishuka hadi asilimia 15, ina thamani ya dola 2.43 tu: hasara, ingawa hisa haikusogea hata senti. Opsheni ya mbali huumia zaidi mtikisiko unaposhuka, na hiyo ndiyo uliyoishika. Ukipanda, inakubeba.

Ila mtikisiko wa opsheni za miezi tofauti hausogei sawasawa. Kabla ya kampuni kutangaza matokeo, opsheni ya karibu huwa imevimba, na baada ya tangazo hunywea zaidi ya ile ya mbali. Hilo linakufaa, mradi hisa isiruke mbali na 100. Kwa hiyo mimi hutazama mtikisiko wa kila mwezi wa kuisha kwa opsheni, mmoja mmoja, kabla ya kuingia.