Krimu ya meringi ya Kitaliano ikikatika, usiimwage

Picha ninayotumiwa mara nyingi kuliko zote ni ya bakuli lenye madonge yanayoelea kwenye majimaji, na chini yake: "Imeharibika, nimeshaimwaga." Haikuharibika. Krimu hii ya keki, yaani ute wa yai uliopigwa na shira ya moto kisha ukatiwa siagi, inasemwa mengi yasiyo kweli. Basi tuanze na hilo, maana ndilo linalowapotezea watu siagi ya bei ghali.

"Ikikatika au ikiwa uji, imekufa, ongeza sukari ya unga"

Meringi ni maji yenye sukari yaliyoshikwa na ute wa yai, na siagi kwa sehemu kubwa ni mafuta. Viwili hivyo vinashikana pale tu mafuta yanapokuwa laini bila kuyeyuka, na kwa mchanganyiko mzima hiyo ni nyuzi 22 hadi 24 hivi. Ukiwa chini ya hapo, mafuta yanajikusanya madonge na kuyaacha maji. Ukiwa juu sana, yanayeyuka na unapata uji. Hali zote mbili ni suala la joto, kwa hiyo sukari ya unga haitibu chochote. Unabaki na uji ule ule, mtamu kupita kiasi.

Chukua kipimo cha kawaida: ute gramu 150 (mayai makubwa kama 5), sukari gramu 250 na maji mililita 80 za shira, sukari gramu 50 nyingine ya kutia kwenye ute, na siagi gramu 450. Meringi ikipoa hadi nyuzi 30, nawe ukaitia siagi ya nyuzi 16, mchanganyiko unatua karibu na 23 au 24. Sasa ufanye hivyo Dar es Salaam mwezi wa Februari, jikoni nyuzi 31, na siagi imeachwa mezani tangu asubuhi kwa sababu mapishi yanasema "joto la chumba". Chumba kinachosemwa hapo ni cha nyuzi 20. Siagi yako iko 29, meringi 33, na hakuna kilichobaki cha kuupoza mchanganyiko. Uji ni lazima.

Kwenye joto la namna hiyo, toa siagi kwenye friji dakika 15 kabla, ikate vipande vidogo, ibonyeze: kidole kiache alama, lakini siagi iwe bado ya baridi. Nairobi mwezi wa Julai, ipe muda mrefu zaidi, la sivyo utakutana na madonge.

Yakishatokea, gusa ubavu wa bakuli kabla ya kufanya lolote. Ukiwa wa baridi na krimu imekatika, endelea kupiga; mara nyingi inajirudi yenyewe ndani ya dakika chache. Isipojirudi, chota vijiko vitatu vikubwa vya krimu hiyo, viyeyushe, uvirudishe taratibu mashine ikizunguka. Bakuli likiwa la vuguvugu na krimu ni uji, liweke kwenye friji dakika 10 hadi 15, kwangua iliyoganda pembeni, piga tena. Rudia ikibidi. Kuongeza siagi nyingine kabla ya kupoza ni kupoteza siagi.

"Shira hupimwa kwa macho"

Nunua kipimajoto. Anza kupiga ute, pamoja na nusu kijiko cha chai cha maji ya ndimu, shira ikifika nyuzi 110. Tia zile gramu 50 za sukari kidogo kidogo. Mimina shira kati ya nyuzi 118 na 121, kwa uzi mwembamba, katikati ya waya wa kupigia na ukuta wa bakuli. Ikigonga waya inarushwa pembeni na kugeuka vipande vigumu kama pipi. Ikiwa chini ya 115, ina maji mengi na meringi inabaki legevu.

"Shira ya moto inaivisha ute wote"

Si lazima. Shira inaanza kupoa mara inapogusa bakuli na ute, na sehemu fulani huenda zisifike nyuzi 71 zinazohitajika kuua papo hapo bakteria wa salmonela. Keki ya mjamzito, mtoto mdogo au mzee, tumia ute uliopasteurishwa, yaani uliokwisha kutiwa joto la kuua vijidudu.

"Krimu hii haiyeyuki"

Inastahimili zaidi ya krimu nyingi za siagi, na ute uliopigwa na shira hautoi majimaji haraka. Lakini bado ni siagi. Kuanzia nyuzi 27 hivi inalegea, na kwenye jua la harusi ya bustanini Mombasa itateleza kama nyingine yoyote. Unaweza kubadilisha gramu 100 hadi 150 za siagi kwa mafuta mgando ya mimea yasiyo na harufu; itasimama zaidi, ila utaonja utando wa mafuta kwenye kaakaa. Mimi huona ni heri keki itoke kwenye friji saa moja kabla ya kukatwa. Na margarini laini ya kupaka mkate usiitie kabisa: imetengenezwa ibaki laini hata ndani ya friji, kwa hiyo haina cha kuishikilia krimu kwenye joto.