Kikombe cha Hedhi Hakinywi Maji Kama Mnavyodhani

Wiki iliyopita, katika mafunzo ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii hapa Dodoma, mshiriki mmoja alinyoosha mkono kabla sijamaliza hata sentensi ya pili kuhusu kikombe cha hedhi, kile cha mpira laini kinachovaliwa ukeni kukinga damu, kikamwagwa na kuvaliwa tena. Alisema, "Sista, vikombe hivi ni vya wenye bomba ndani ya nyumba, sisi wa madumu tuachieni pedi zetu." Wenzake walimpigia makofi. Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi mno, na safari hii nimeamua kuipigia hesabu.

Tumchukue mwanamke anayetoka hedhi kwa siku 5. Siku 2 za mwanzo anamwaga kikombe mara 3 kwa siku, na zilizobaki mara 2, jumla mara 12. Kila mara ananawa kwa nusu lita kabla na nusu lita baada, kisha anakisuuza kwa robo lita. Hizo ni lita 15. Anakichemsha kabla ya hedhi kuanza na tena inapokwisha, kila mara kwa lita moja, na jumla inakuwa lita 17 kwa mwezi. Haijai hata dumu moja la lita 20, na sehemu kubwa ya maji hayo yameishia mikononi, si kwenye kikombe.

Anayetumia pedi 20 kwa mwezi na kunawa kwa nusu lita kila anapobadilisha hutumia lita 10. Kwenye karatasi, basi, pedi imeshinda. Lakini karatasi haijui kwamba wengi ninaowahudumia huifua pedi ya kutupa kabla ya kuitupa, kwa sababu hawataki damu yao ionekane jalalani au iangukie mikononi mwa mwenye nia mbaya. Sitaki kubishana na imani hiyo hapa. Ninachotaka kieleweke ni kwamba ndani ya pedi nyingi za kisasa mna chembechembe zinazofyonza maji na kuvimba kama uji mzito, kwa hiyo kadiri unavyoifua ndivyo inavyozidi kunywa, na lita 2 kwa pedi moja si ajabu. Pedi 20 zinazofuliwa hivyo, pamoja na kunawa, zinafikisha lita 50. Anayeniambia kwamba kikombe kinakula maji aniambie kwanza pedi zake anazitupaje.

Gharama nitazieleza kwa bei za mtaani kwangu. Pakiti ya pedi 8 ni shilingi 2,000. Kwa mizunguko 13 ya mwaka anahitaji pedi 260, yaani pakiti 33, sawa na shilingi 66,000. Kikombe nilikinunua kwa shilingi 40,000. Hata hivyo, wauzaji wanaotangaza kwamba utaokoa fedha tangu siku ya kwanza wananiudhi karibu sawa na yule mshiriki. Miezi 3 ya kujifunza karibu kila mtu huvaa pedi pia kwa kuhofia kuvuja. Weka pakiti 4, shilingi 8,000. Mkaa wa kuchemshia mara 26, kwa shilingi 200 kila mara, ni 5,200. Mwaka wa kwanza unagharimu 53,200, na kilichookolewa ni 12,800 tu. Faida yenyewe inaanza mwaka wa pili, unapolipia mkaa peke yake.

Faida hiyo inategemea kikombe kidumu. Watengenezaji husema kinaweza kufikisha miaka 10. Mimi hupanga kwa miaka 5, maana nimeshuhudia vikombe vikitumbukia kwenye choo cha shimo, na vingine vikiungua sufuriani maji yalipokauka. Kwa mwenye hedhi nyepesi anayetosheka na pedi 10 kwa mwezi, yaani takriban shilingi 34,000 kwa mwaka, kupoteza kikombe kila mwaka ni hasara tupu, na huyo simshawishi. Kubadilika rangi pekee si sababu ya kukitupa. Kitupe kikichanika, kikianza kunata au kutoa unga, au kikibaki na harufu hata baada ya kuchemshwa.

Mashaka yangu hayapo kwenye wingi wa maji, yapo kwenye mahali. Kikombe kinataka maji kidogo, lakini yawe ndani ya choo chenye mlango unaofungika. Mwanafunzi anayeondoka nyumbani saa 12 asubuhi na kurudi saa 10 jioni anaweza kumwaga nyumbani tu, kwa kuwa kikombe huweza kukaa ndani kwa muda wa hadi saa 12 mfululizo; siku za damu nyingi hilo halitamtosha, na itambidi aende chooni na chupa ya maji. Kisha kuna sufuria. Katika nyumba yenye sufuria 2 na watu 8, binti hawezi kuchemsha kikombe bila bibi kuuliza kinachopikwa. Kwa hiyo siku hizi, kabla ya kumpa mtu kikombe, namwambia atafute kopo tupu la maziwa ya unga, alisugue vizuri, na liwe la kazi hiyo peke yake.