Jezi nyekundu 24 ziwe bluu ya giza, na zote zifanane

Picha ya pamoja ya timu: watu 24, jezi nyekundu, mteja anataka bluu ya giza. Mstari wa mbele umekaa juani, wa nyuma umesimama kivulini. Zamani ningesogeza Hue kwenye Photoshop nikafurahi, kisha mteja ananirudishia: "Mbona hawa wa nyuma kama wamevaa zambarau?"

Kwanza napima. Nachukua kipimo cha rangi kifuani kwa kila mtu, pahali palepale pasipo na kunjo, na kifaa nakiweka 5 by 5 Average ili nyuzi za kitambaa zisinidanganye. Juani nyekundu ilisoma RGB 200, 30, 40. Kivulini ilisoma 120, 20, 30. Kwa mng'ao, ni kama 82 kwa 51. Tofauti hiyo ni ya mwanga, si ya jezi, kwa hiyo naiacha ibaki. Ukiwafanya wote walingane kabisa, wa nyuma wataonekana wamebandikwa.

Bluu niliyopewa ni 20, 30, 80, yenye mng'ao wa 32 hivi. Nyekundu ile ina 82, ndiyo maana kubadili rangi peke yake hutoa bluu iliyopauka. Basi naweka kundi moja la leya lenye maski ya jezi zote, namba na nembo nyeupe zikiwa nje ya maski. Chini kabisa ni Curves: ncha ya juu kulia naishusha hadi Output 100. 82 inakuwa 32, na 51 inakuwa 20, uwiano haujaguswa. Juu yake Solid Color ya bluu ile, katika hali ya Color.

Mstari wa mbele unatoka safi. Zambarau ya mteja inazaliwa nyuma, maana hali ya Color hutia kiasi kilekile cha rangi hata palipo na mwanga kidogo. Jezi ya kivulini ilisoma kama 7, 17, 67, wakati bluu hiyohiyo ikipungukiwa mwanga ingekuwa karibu na 12, 19, 50. Kwa hiyo naongeza Hue/Saturation yenye maski ya watu wa nyuma tu, Saturation -25, halafu napima tena. Makunjo mazito yana ugonjwa huohuo hata juani. Hapo napitisha brashi laini kwenye maski hiyo, kidogo kidogo.

Usisahau videvu. Jezi nyekundu hurusha wekundu chini ya kidevu na shingoni, na jezi ikishakuwa bluu wekundu ule hauna mwenyewe. Natengeneza leya tupu katika hali ya Color, nachota rangi ya ngozi kwenye shavu la mtu huyohuyo, napaka kwa nguvu ya asilimia 30. Kila mtu na ngozi yake, jamani. Hii kazi ya videvu 24 ndiyo inayonilia muda kuliko jezi zenyewe.